Majibu ya maswali yako ya ile kazi ya timu ya ng'ambo

Waaleikum salaam mdogo wangu, hongera tena kwa kazi ya mtandaoni na hiyo timu ya London na New York. Voisi zako nimezisikiza zote na nimeona bora niandike, maana nikianza kuongea ntasahau nusu na wewe utakuwa wapiga kelele na watoto hapo Langoni, Lamu.

Swali la kwanza, eti itabidi ukeshe kufuata saa zao? La, wala usijitolee. Bosi wako yuko London, saa hizi kwenye baridi yao sisi tuko mbele masaa 3, kwa hivyo akifungua kompyuta saa tatu yao asubuhi kwako ni saa sita mchana. Wale wa New York ndio mbali, masaa 8. Ile mitingi yao ya 9:30 asubuhi kwako ni 17:30. Sasa hapo angalia, ukiwa nyumbani utasema saa kumi na moja na nusu, ukiandika kwenye kalenda andika 17:30, kuna mtu namjua alibonyeza 11:30 akaingia kwenye kol peke yake akakaa akingoja watu ambao hata hawajaamka. Kwenye Google Calendar chagua `Africa/Nairobi` kisha iache ikupigie hesabu yenyewe.

Umeuliza kwa nini saa zinabadilika. Sisi hatusogezi saa, wao wanasogeza, na mbaya zaidi hawasogezi siku moja. Mwaka huu 2026 Marekani ni tarehe 8 mwezi wa tatu, Uingereza ni tarehe 29. Kwa hizo wiki tatu za katikati mitingi ya New York itakujia 16:30 lakini ya London itabaki palepale, halafu baada ya tarehe 29 na London nayo inarudi nyuma saa moja kwako. Mwezi wa kumi tarehe 25 na wa kumi na moja tarehe 1 mambo yanageuka tena. Weka ukumbusho sasa hivi, usingoje.

Na Ramadhani ndio hiyo yaingia. Mitingi ya 17:30 ikivuta kidogo tu inakugongana na futari, maana magharibi kwetu ni kama 18:35 hivi. Waambie mapema, wazungu hawana shida na hilo, shida yao ni kuambiwa siku yenyewe. Idi nayo haina tarehe mpaka mwezi uonekane, itakuwa karibu na tarehe 20 mwezi wa tatu, basi omba siku mbili na uwaeleze kwa nini ni mbili. Ijumaa ziba kalenda 12:15 mpaka 14:00, usiandike sababu ndefu, "sala ya Ijumaa" yatosha.

Haya, wamekutaka uandike masaa yako. Kizungu utatia mwenyewe, ila maneno yawe kama haya:

"Nafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, 11:00 hadi 19:00 saa za Afrika Mashariki (EAT, UTC+3). Meseji za ndani ya masaa hayo najibu ndani ya saa moja. Zikija usiku nazijibu kesho yake kabla ya 12:00. Jambo likiwa la dharura kweli nipigieni simu, msiandike Slack. Stima au mtandao ukikatika nitawaarifu kwa simu yangu ndani ya dakika 15."

Ukishasema hivyo ushike. Ukimjibu mtu saa sita usiku mara mbili tatu, ushamzoesha, atakuona mvivu siku utakayolala.

Ile ya meseji ndio hasa nataka uisome vizuri, kwa sababu watu wa huku wengi twaanza na "hi" halafu twangoja tuulizwe hali. Mtu wa New York akiona "hi" yako umeshalala, atajibu "hi", utaiona kesho, siku mbili zimekwenda na swali halijaulizwa. Salamu na swali zikae meseji moja. Na kabla hujafunga kompyuta acha neno la makabidhiano, mfano:

"Leo nimemaliza tiketi za marejesho isipokuwa ya mteja wa Boston, yeye alilipa mara mbili na risiti zote nimezibandika humo. Nasubiri ruhusa ya kumrudishia dola 48. Mkikubali kabla sijaingia kesho, bonyezeni tu, hamna haja ya kuningoja."

Unaona? Kazi inaendelea wewe umelala. Tarehe nazo taja mwezi kwa jina, 03/04 Mmarekani asoma Machi 4, Mwingereza asoma Aprili 3.

Mtandao: uwe na laini mbili za kampuni tofauti na ile betri ndogo ya rauta, stima ikienda kol haikatiki. Kamera si lazima kila siku, sauti safi ndio muhimu, na punda wakianza kulia nje bonyeza kimya haraka.

La mshahara na ubadilishaji wa dola tutaongea kwa simu, ni refu. Ile fomu ya masaa ukishaijaza nirushie kabla hujawapelekea, leo niko mtandaoni mpaka saa nne usiku.