Kesi ya 4: Mtoto anahema sana na kipimo cha malaria ni chanya

Someni mpaka mstari wa kwanza wa vipimo, af funikeni karatasi muandike magonjwa matatu mnayoyafikiria. Msichungulie, mkichungulia kesi haina maana.

Binti wa miaka 11, ameletwa na mama yake kituo cha afya saa 2 usiku kwa bodaboda. Siku mbili anatapika, tumbo linauma lote, leo tangu asubuhi anahema kwa nguvu na anaongea kwa shida, muda wote anasinzia. Haharishi, hakohoi. Wiki mbili zilizopita alitibiwa malaria kwa dawa mseto, akamaliza dozi. Kilo 26, joto 37.1, mapigo 136, anapumua mara 42 kwa dakika na ni pumzi ndefu za kina, oksijeni 98. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, ukibonyeza kidole damu inarudi baada ya sekunde 4. Kifua kisafi kabisa pande zote. Tumbo laini, anasikia maumivu kidogo kila mahali. Shingo haijakakamaa.

Kipimo cha haraka cha malaria: chanya. Aliyekuwa zamu akaandika malaria kali, akachoma atesuneti.

Haya, funika.

Wengi mtaandika malaria kali na siwalaumu, maana malaria kali nayo inaleta asidi kwenye damu na mtoto anahema hivihivi. Ila kipimo kile kinashika protini ya mdudu, sio mdudu mwenyewe, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Huyu kamaliza dawa juzijuzi tu, kwahiyo chanya yake inaweza kuwa ya malaria ya zamani. Slaidi ilipokuja kusomwa haikuwa na vimelea. Na hata ungeamini ni malaria kali bado ulitakiwa upime sukari palepale, kwa sababu malaria kali inashusha sukari. Hapo ndo panaponiuma kwenye hii kesi, kipimo cha tone moja la damu kingeokoa saa nne.

Nimonia? Anahema haraka, sawa, lakini hakohoi, oksijeni 98, na stetoskopu haisikii kitu. Mapafu yakiwa mazima na mtu anavuta pumzi ndefu hivyo, jiulize mwili unatoa nini nje, na jibu ni kwamba unapuliza hewa ya kaboni ili kupunguza asidi. Kwahiyo tatizo liko kwenye damu, kifua kinasaidia tu. Kidole tumbo? Maumivu yangekuwa yameshaanza kukaa upande wa chini kulia, na kisingemkausha hivi. Tumbo la kuharisha? Haharishi. Sasa maji yote yameenda wapi?

Rudi kwa mama umuulize kuhusu mkojo. Huyu mama alipoulizwa vizuri akasema mwezi huu binti ameanza kukojoa kitandani tena, ameaibika mpaka hataki kulala na wadogo zake, usiku anaamka kunywa maji kwenye ndoo, nguo za shule zinampwaya, na pale anapokojoa nyuma ya nyumba sisimizi wanajaa. Hakuna aliyemuuliza mwanzo, nae hakuona kama ni ugonjwa.

Mtoto amekauka lakini anakojoa sana. Malaria haielezi hilo, nimonia haielezi, kuharisha ndo kabisa. Ukilikumbatia hilo moja, mengine yanajipanga yenyewe: kutapika, tumbo, pumzi, kusinzia, ile harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi mdomoni ambayo nesi wa usiku aliisikia akadhani kala embe.

Mashine ya sukari iliandika `HI`, maana yake imevuka uwezo wa mashine kusoma. Msije mkasoma "hai" mkaandika kawaida, nimeshaona. Mkojo ketoni 3+. Ni kisukari aina ya kwanza kilichofika kwenye asidi ya ketoni.

Matibabu kwa kifupi: normo salaini mililita 10 kwa kilo, yaani 260, ndani ya nusu saa hadi saa moja, halafu umpime upya. Insulini isubiri angalau saa moja baada ya dripu kuanza, uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, kwake ni 2.6, na usimpige dozi kubwa ya mkupuo. Potasiamu itashuka insulini ikianza, kwahiyo fuatilia. Akianza kulalamika kichwa kinauma au usingizi unazidi wakati sukari inashuka, fikiria ubongo kuvimba, piga simu hospitali ya rufaa usisubiri asubuhi.

Kazi ya Alhamisi: mtoto huyuhuyu, pumzi ileile, ila joto ni 39.4, slaidi ina vimelea vingi na sukari ni 1.9. Andikeni mnaanza na nini ndani ya dakika 5 za kwanza, na kwanini.