Jibu la lile swali la grafu ulilonitumia kwa picha

Marahaba, mdogo wangu. Picha yako iliingia jana usiku, nikaona bora nilale kwanza, nikujibu asubuhi nikiwa na karatasi na penseli mkononi. Na wewe kaa na daftari unaposoma, usisome ukiwa jikoni.

Tuanze kwa kukubaliana swali linasemaje: linataka uchore grafu kwa mkono, utafute nukta za kugeuka, kisha uthibitishe thamani ambazo y haiwezi kuwa nazo. Mkunjo wa karatasi umepita juu ya alama iliyo kabla ya 5x ya chini, na kivuli cha mkono wako kimeifunika kabisa. Mimi nimesoma hivi:

y = (x² − 5x + 4) / (x² + 5x + 4)

Alama yenyewe siioni, lakini lazima iwe ya kujumlisha. Ingekuwa ya kutoa, kiasi na asili vingekuwa kitu kimoja, na y ingekuwa 1 kila mahali isipokuwa pale asili inapokuwa sifuri. Hakuna mwalimu anayeuliza nukta za kugeuka za mstari ulionyooka. Hata hivyo ikunjue karatasi uhakikishe mwenyewe kabla ya kuendelea, maana alama moja ikibadilika, grafu yote inakuwa nyingine.

Jedwali lako la thamani nimelipitia, na hesabu zako ni sahihi: x = −5 inatoa 13.5, na x = −3 inatoa −14. Kosa limekuja baadaye. Kwenye x = −4 kikokotoo kilikuandikia Math ERROR, ukaacha kisanduku wazi, kisha ukachukua rula ukaunganisha 13.5 na −14 kama vile hapo katikati hapakuwa na kitu. Ile Math ERROR ndiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote katika jedwali lako. Ilikuwa inakwambia kwamba hapo pana ukuta, grafu haipiti. Ndiyo maana sitaki uanze na jedwali. Anza na kuta, kisha jaza vyumba.

Vunja juu na chini katika mabano:

y = (x − 1)(x − 4) / [(x + 1)(x + 4)]

Hakuna bano la juu linalofanana na la chini, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Angalia hilo kila mara, kwa sababu bano likifutika unapata tundu kwenye grafu, si asimptoti. Asili inakuwa sifuri kwa x = −1 na x = −4. Hizo ndizo asimptoti za wima. Zichore sasa hivi kwa nukta-nukta, kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Karatasi yako imegawanyika vyumba vitatu: kushoto kwa −4, katikati ya −4 na −1, na kulia kwa −1.

Mahali inapokata mihimili ni kazi ya dakika moja. Kiasi ni sifuri kwa x = 1 na x = 4, basi weka (1, 0) na (4, 0). Kwa x = 0, y = 4/4 = 1, basi weka (0, 1).

Sasa asimptoti ya ulalo. Uliandika y = 1 kwa kugawanya x² kwa x², na ni sawa, lakini hiyo inakwambia tu grafu inaelekea wapi. Haikwambii inafika ikitokea juu au chini. Andika mlinganyo upya. Kiasi ni asili ukitoa 10x, kwa hiyo:

y = 1 − 10x / (x² + 5x + 4)

Napenda sana umbo hili, na nitalitumia mara tatu. Ukienda mbali kulia, 10x ni chanya na asili ni chanya, kwa hiyo unatoa kitu kidogo kutoka kwenye 1: grafu iko chini ya asimptoti. Ukienda mbali kushoto, 10x ni hasi na asili bado ni chanya, kwa hiyo unaongeza: grafu iko juu ya asimptoti. Tena inakaribia polepole kuliko unavyodhani. Kwa x = 10, y ni kama 0.35 tu; hata kwa x = 100 bado ni 0.905 hivi. Kwa hiyo usiikimbize ile mikono ya grafu ikaigusa y = 1 kabla ukurasa haujaisha, kama ulivyofanya.

Pembeni ya daftari umeandika, "Kaka, (0, 1) imeangukia kwenye asimptoti yenyewe, nimekosea wapi?" Hujakosea popote. Neno asimptoti limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni kama "visivyokutana", kwa hiyo si ajabu likakutisha. Lakini ile ya ulalo inazungumzia tabia ya grafu huko mbali tu. Huku karibu grafu ina ruhusa ya kuikata. Isiyokatwa kamwe ni ya wima, kwa sababu pale y yenyewe haipo. Ili kujua inaikata wapi, weka y = 1 kwenye lile umbo la pili: unabaki na 10x = 0, yaani x = 0 peke yake. Inaikata mara moja, kwenye (0, 1), na haitairudia tena. Kumbuka jambo hili, linatufaa hivi punde.

Hatua inayofuata wengi wanairuka, na mimi naiona ndiyo moyo wa kazi yote: alama ya y katika kila chumba. Huhitaji kikokotoo, hesabu mabano yenye hasi tu. Kushoto kwa −4 mabano yote manne ni hasi, kwa hiyo y ni chanya. Kati ya −4 na −1 mabano mawili ya juu ni hasi, (x + 1) ni hasi, lakini (x + 4) ni chanya. Hasi ziko tatu, y ni hasi. Kati ya −1 na 1 hasi ni mbili, y ni chanya. Kati ya 1 na 4 ni moja, y ni hasi. Baada ya 4, chanya.

Sasa tazama kuta zinavyojieleza zenyewe. Kwenye x = −4, upande wa kushoto grafu ni chanya, basi lazima ipae juu bila kikomo; upande wa kulia ni hasi, basi lazima izame chini bila kikomo. Kwenye x = −1, upande wa kushoto inazama na upande wa kulia inapaa. Hujatafuta dy/dx bado, na tayari unaweza kuisimulia grafu nzima. Chumba cha kushoto: inatoka juu kidogo ya y = 1 na kupanda ikiegemea ukuta wa −4. Chumba cha kati: inatoka chini kabisa na kurudi chini kabisa, kwa hiyo mahali fulani humo lazima iwe na kilele. Chumba cha kulia: inashuka kutoka juu, inakata (0, 1), inakata (1, 0), inaingia chini ya mhimili, inarudi juu kupitia (4, 0), kisha inakaribia 1 kutoka chini bila kuivuka tena. Kwa hiyo kati ya 1 na 4 lazima pawe na bonde.

Kilele kimoja, bonde moja. Sasa ndiyo tutafute dy/dx, tukijua tunatafuta nini. Kanuni ya mgawanyo uliyoitumia ni sahihi, ila ulipotea kwenye kufungua mabano: 5x² ya pili ilitakiwa kutoka na alama ya kutoa. Kwa umbo letu la pili kazi inakuwa fupi, ile 1 inatoweka:

dy/dx = −10[(x² + 5x + 4) − x(2x + 5)] / (x² + 5x + 4)²

dy/dx = 10(x² − 4) / (x² + 5x + 4)²

Asili ni kipeo cha pili, haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo alama yote inaamuliwa na x² − 4. Ni sifuri kwa x = −2 na x = 2. Moja imeangukia chumba cha kati, nyingine kati ya 1 na 4, kama tulivyotabiri. Ungepata x = 6, kwa mfano, ungejua papo hapo kwamba umekosea, bila kumsubiri mtu wa kukusahihishia.

Kwa x = −2, y = 18/(−2) = −9. Kwa x = 2, y = −2/18 = −1/9. Mteremko ni chanya kabla ya −2 na hasi baada yake, kwa hiyo (−2, −9) ni kilele. Ni hasi kabla ya 2 na chanya baadaye, kwa hiyo (2, −1/9) ni bonde. Huna haja ya kutafuta mteremko wa pili hapa. Utakula muda na wino bure.

Mambo mawili hapa. Wewe uliweka kilele kwenye −2.5 na bonde kwenye 2.5, katikati kabisa, kama unavyofanya kwa y = x² − 5x + 4 peke yake. Hiyo ni tabia ya parabola, na hii si parabola. La pili, najua utashtuka kuona kilele kiko chini ya bonde, −9 dhidi ya −1/9. Ni halali. Kila kimoja kinapimwa na majirani zake ndani ya chumba chake, na kati yao kuna ukuta wa x = −1.

Kuchora: −9 na −1/9 haziwezi kukaa vizuri kwenye skeli moja. Swali limesema chora kwa mkono, kwa hiyo usihangaike na karatasi ya grafu. Chora lile bonde lionekane wazi chini kidogo ya mhimili, na uandike (2, −1/9) pembeni yake. Andika namba za nukta zote tano na milinganyo ya asimptoti zote tatu.

Kipengele cha mwisho, thamani ambazo y haiwezi kuwa nazo, mchoro umeshakijibu: hakuna grafu kati ya −9 na −1/9. Ila wanataka uthibitishe, kwa hiyo zidisha na upange kwa x:

(y − 1)x² + 5(y + 1)x + 4(y − 1) = 0

Ili x ipatikane, b² − 4ac isiwe hasi: 25(y + 1)² − 16(y − 1)² ≥ 0. Hiyo ni tofauti ya vipeo viwili, inavunjika kuwa (y + 9)(9y + 1) ≥ 0. Basi y ≤ −9 au y ≥ −1/9. Pale y = 1 mlinganyo si wa kipeo cha pili tena, lakini tumeshaona x = 0 inaitoa.

Jaribu kitu kimoja kwenye jedwali lako kabla hujalitupa: zidisha y ya 5 kwa y ya −5, kisha ya 3 kwa ya −3. Nieleze kwa nini inatoka hivyo. Ukishachora upya nipigie picha nyingine, mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa imenyooshwa.