Asilimia, Mshindani au Lengo: Bajeti ya Matangazo Ipangwe kwa Lipi?

Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani baada ya 1929, kampuni mbili za nafaka za kifungua kinywa zilishika njia tofauti. Post ilibana matumizi ya matangazo. Kellogg iliyaongeza, ikaingia redioni na kuinadi Rice Krispies, bidhaa iliyokuwa bado changa, na ndiyo iliyotoka katika dhiki ile ikiwa mbele. Kisa kimoja hakithibitishi kwamba anayetangaza zaidi hushinda. Hata hivyo, njia mbili kati ya tatu zinazojadiliwa hapa zingeishauri Kellogg ifanye kinyume.

Ya kwanza ni asilimia ya mauzo, kipenzi cha wahasibu. Tuseme kiwanda kidogo cha sabuni Tanga kimeuza shilingi milioni 400 na kinatenga asilimia 5. Bajeti ni milioni 20, na hesabu imekwisha kabla chai haijapoa. Matumizi hayapiti uwezo, na hilo si jambo dogo kwa mwenye mkopo benki. Lakini tangazo ndilo linalotakiwa kuleta mauzo, na hapa mauzo ndiyo yanayoleta tangazo. Yakishuka hadi milioni 300, bajeti nayo inashuka hadi milioni 15, wakati ambapo wateja wanahama. Tena, hiyo 5 ilitoka wapi? Mara nyingi ni ya mwaka jana, ambayo nayo ilikuwa ya mwaka juzi.

Ya pili, kutenga kiasi sawa na cha mshindani, ni hoja dhaifu zaidi. Inadhani jirani anajua anachofanya, na kwamba shida zake ni zetu. Faida yake ni moja: humwonyesha mwenye mali ukubwa wa kelele zilizopo sokoni. Kama habari, inafaa. Kama kanuni, haifai.

Njia ya lengo na kazi huanzia panapostahili. Kiwanda kinataka wateja wapya 1,500 wa kudumu. Ikiwa mmoja kati ya wanne wanaojaribu sabuni hubaki, wanahitajika wajaribuji 6,000. Ikiwa mmoja kati ya kumi wanaosikia tangazo hujaribu, lazima wasikie watu 60,000. Ndipo tunauliza bei ya kazi za kuwafikia: redio na gari la matangazo. Mantiki ni safi, ila wasifiaji wake husahau kwamba kila "ikiwa" ni kisio. Anayejaribu akiwa mmoja kati ya ishirini, wasikilizaji wanakuwa 120,000 na gharama inakaribia kuongezeka maradufu. Meneja mjanja anaweza hata kuanza na fedha anazozitaka, kisha akarudi nyuma kutafuta lengo la kuzihalalisha.

Bado naichagua, kwa sababu makosa yake yanaonekana na yanaweza kupimwa. Kiwanda kile kijaribu kwanza katika wilaya moja, kihesabu wanaorudi kununua, kirekebishe makisio. Asilimia ibaki mezani kama dari: kazi zikidai milioni 45, lipunguzwe kwanza lile lengo la wateja 1,500, kisha hesabu ianze upya.