Yah: Ombi lenu la punguzo kwa katoni 60 za karatasi

Ndugu Meneja Ununuzi,

Habari za kazi. Barua yenu ya tarehe 4 tumeipata, nayo inaomba punguzo la asilimia 15 kwa katoni 60 za karatasi za A4, gramu 80. Nisiwazungushe: kwa katoni 60 asilimia 15 hatuiwezi. Kwa kweli hatuiwezi kwa kiasi chochote, kwa sababu hapo tungekuwa tunauza chini ya gharama yetu. Lakini mmekuwa mkichukua katoni 25 kila mwezi bila kuchelewesha malipo hata mara moja, na sasa mnataka zaidi ya maradufu. Hilo lina thamani kwetu, na bei inapaswa kulionyesha.

Punguzo tunaloweza kutoa linakwenda kwa ngazi, kulingana na idadi ya katoni katika oda moja, na linahesabiwa kutoka kwenye bei mnayolipa leo kabla ya kodi:

Katoni 1 hadi 39: bei ya sasa
Katoni 40 hadi 119: punguzo la asilimia 4
Katoni 120 hadi 239: asilimia 7
Katoni 240 hadi 479: asilimia 10
Katoni 480 na kuendelea: asilimia 12

Ngazi hizi zimefuata paleti. Paleti yetu moja inabeba katoni 40, karibu nusu tani. Paleti kamili hubebwa na foklifti kutoka stoo hadi kwenye lori bila mtu kugusa katoni. Ikivunjwa, vijana wanahesabu na kupakia kwa mikono. Akiba yetu inatoka hapo na kwenye usafiri, na ndiyo tunayogawana nanyi.

Mkishafika ngazi fulani, punguzo lake linatumika kwenye oda nzima, siyo kwenye katoni za ziada peke yake. Kwa hiyo angalieni mnapokaribia mpaka. Katoni 117 kwa punguzo la asilimia 4 mtazilipia sawa na katoni 112.32 za bei ya sasa, ilhali katoni 120 kwa asilimia 7 ni sawa na 111.6. Yaani mngelipa zaidi na kupata pungufu. Oda ikianguka hapo, karani wetu atawapigia kabla ya kuandika ankara.

Sasa turudi kwenye hizo 60. Zikija kama oda ya mara moja, ni asilimia 4. Lakini mmeandika kwamba ndiyo mahitaji yenu ya kila mwezi, na kwamba stoo yenu haina nafasi ya zaidi. Basi napendekeza hivi: tuandikiane oda moja ya katoni 180 kwa miezi mitatu, nasi tulete 60 kila mwezi. Hapo tutawapa asilimia 6 tangu mzigo wa kwanza. Haifiki 7 kwa sababu lori litatoka mara tatu badala ya moja. Ikitokea miezi mitatu imeisha na mmechukua chini ya katoni 120, tutawatoza tofauti ya asilimia 2 kwa zile mlizochukua; hakuna faini nyingine.

Mliuliza kama A3 zinaweza kuhesabiwa pamoja. Ndiyo, katoni kwa katoni. Karatasi za rangi hapana.

Kuhusu yule muuzaji mliyesema anawapa asilimia 15, simjui na sina neno baya juu yake. Ila kabla hamjasaini, wekeni rimu yake moja kwenye mizani. Rimu ya A4 ya gramu 80 yenye karatasi 500 ina takribani kilo 2.5. Mizani ikisoma kilo 2.34 hivi, hiyo ni karatasi ya gramu 75, na sehemu ya punguzo mmeshailipia kwa wepesi wa karatasi. Ikisoma 2.5 na bei ni hiyo hiyo, basi mchukueni. Mimi mwenyewe ningemchukua.

Masharti ya malipo yanabaki siku 30 baada ya kupokea mzigo. Punguzo halitatumika kwenye oda mpya endapo kuna ankara iliyopitisha muda. Bei hizi tunazishikilia hadi tarehe 30 Juni. Baada ya hapo tutaangalia bei ya malighafi upya, na oda ya miezi mitatu iliyokwisha kusainiwa haitaguswa.

Mkichagua mpango wa katoni 180, nitumieni hati ya oda kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, ili mzigo wa kwanza uingie kwenye lori la tarehe 1.

Wenu katika kazi,
Meneja wa Mauzo ya Jumla