Ushindani wa kiukiritimba: marudio kabla ya mtihani

Swali la soko hili huulizwa karibu kila mara kwa namna moja: chora msawazo wa muda mfupi na wa muda mrefu, kisha eleza kilichotokea katikati. Alama nyingi zimo kwenye hayo ya katikati, kwa hiyo nitayakalia zaidi.

Kwanza sifa. Wauzaji ni wengi, kuingia na kutoka ni rahisi, na bidhaa zinafanana bila kuwa sawasawa. Fikiria saluni, migahawa, nguo, sabuni. Edward Chamberlin aliipa nadharia hii umbo lake mwaka 1933, akionyesha kwamba muuzaji mmoja anaweza kuwa na sura mbili kwa wakati mmoja: ana ukiritimba juu ya chapa yake, lakini amezungukwa na washindani wenye bidhaa za kuchukua nafasi yake.

Utofautishaji wa bidhaa ndio unaompa hiyo sura ya kwanza. Tofauti inaweza kuwa ya kweli (ubora, muundo, mahali duka lilipo, huduma baada ya mauzo) au ya kichwani mwa mnunuzi, iliyojengwa na matangazo na kifungashio. Kwa hesabu zetu zote mbili zina uzito, kwa sababu zote zinafanya baadhi ya wateja wabaki hata bei ikipanda kidogo. Ndiyo maana mstari wa mahitaji wa kampuni unateremka, tofauti na ule wa ushindani kamili ambao umelala. Kadiri wateja wanavyoona bidhaa nyingine ni mbadala wa karibu, ndivyo mstari unavyozidi kulala.

Sasa tuhesabu. Mahitaji ya kampuni ni P = 64 − 3Q, na gharama zake zote ni 100 + Q². Mapato ya nyongeza, yaani yanayoletwa na kipande kimoja zaidi, ni 64 − 6Q. Gharama ya nyongeza ni 2Q. Zilinganishe:

64 − 6Q = 2Q, hivyo Q = 8

Bei haisomwi hapo mistari inapokutana! Panda hadi kwenye mstari wa mahitaji: P = 64 − 24 = 40. Gharama ya wastani ni 164 ÷ 8 = 20.5. Faida ni (40 − 20.5) × 8 = 156, juu ya faida ya kawaida. Huo ndio msawazo wa muda mfupi.

Faida hiyo inaita watu. Kampuni mpya zinaingia na bidhaa zao zinazokaribiana, na kila moja inachota wateja kwa waliokuwepo. Hapa wengi huteleza: husogeza mkunjo wa gharama. Uache palepale. Kinachosogea kushoto ni mahitaji ya kila kampuni, na kwa kawaida pia yanakuwa nyumbufu zaidi. Ili hesabu iwe nyepesi tuuache mteremko ulivyo, na mahitaji yashuke hadi P = 40 − 3Q. Kwa kanuni ileile:

40 − 6Q = 2Q, hivyo Q = 5 na P = 25

Gharama ya wastani ni 125 ÷ 5 = 25. Bei imelingana nayo, faida ya ziada imekwisha, na hakuna tena sababu ya mtu kuingia wala kutoka. Kwenye mchoro, mstari wa mahitaji unaugusa mkunjo wa gharama ya wastani bila kuukata.

Chunguza mguso huo ulipo. Gharama ya wastani ya chini kabisa ni 20, kwenye Q = 10. Kampuni imesimama kwenye 5. Mstari unaoteremka hauwezi kugusa mkunjo pale chini ambako umelala. Lazima uguse upande wa kushoto, mkunjo ukiwa bado unashuka. Hizo 5 zilizobaki ni uwezo usiotumika. Tena bei ya 25 inazidi gharama ya nyongeza, ambayo ni 10, kwa hiyo mgawanyo wa rasilimali nao si fanisi. Lakini usikimbilie kuandika kwamba soko limeshindwa. Wanunuzi wanapata uchaguzi mpana, na uchaguzi huo una thamani kwao. Jibu zuri linapima pande zote mbili.

Malizia na zoezi hili: mahitaji yameshuka hadi P = 32 − 3Q. Utapata Q = 4, P = 20, gharama ya wastani 29, hasara 36. Je, ifunge leo? Hapana. Ikifunga itapoteza gharama zisizobadilika zote 100, na bei ya 20 inafunika gharama zinazobadilika za wastani, ambazo ni 4. Itaendelea kwa muda mfupi; hasara ikidumu, baadhi ya kampuni zitatoka na mahitaji ya zilizobaki yatasogea kulia hadi mguso urudi.