Yuko Wapi Mtoto?

Idi ana miaka 5. Anajua kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, vyote, hata kile cha juu kabisa kinachosumbua.

Leo Mama anarudi nyumbani na mtoto. Idi amemngoja sana mtoto huyu. Alipokuwa bado tumboni, kila usiku Idi alisogeza mdomo karibu na tumbo la Mama akamwimbia:

"Mtoto, mtoto, toka upesi,
toka tucheze mpira!"

Sasa mpira uko tayari mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Huyo Baba! Huyo Mama! Na mikononi mwa Mama, kitu kidogo kimefungwa ndani ya shuka. Idi akachungulia.

"Huyu ndiye Subira, mdogo wako," Mama akasema.

Idi akamtazama vizuri. Akatazama pua. Akatazama mdomo.

"Mama! Hana meno! Hana hata moja!"

"Bado, mwanangu. Yataota."

Idi akaweka mpira karibu na miguu ya Subira. Subira hakuupiga. Alipiga miayo, akalala.

Kisha wageni wakaanza kuja. Hodi! Hodi! Akaja Bibi.

"Yuko wapi mtoto?"

Hodi! Hodi! Akaja jirani.

"Yuko wapi mtoto?"

Hodi! Hodi! Akaja Shangazi. Idi akamkimbilia.

"Shangazi, tazama! Nimefunga vifungo vyote!"

"Umeweza, Idi! Haya, yuko wapi mtoto?"

Idi alikuwa amesimama pale pale. Kwani yeye si mtoto?

Subira akilia, Mama anampakata. Subira akinyamaza, Mama bado amempakata. Mapajani mwa Mama hapakuwa na nafasi, hata ndogo.

Tumboni mwa Idi kitu kikaanza kuchemka kama maji ndani ya sufuria. Akanuna. Akauchukua mpira wake, akaingia chini ya meza.

"Mrudisheni!" akapiga kelele. "Mrudisheni tumboni!"

Nyumba nzima ikanyamaza. Baba hakumgombeza. Aliinama, akaanza kutambaa chini ya meza. Lakini Baba ni mkubwa, na meza ni ndogo. Pu! Akagonga kichwa.

"Idi," Baba akasema huku akijisugua kichwa, "unaona wivu?"

"Wivu ni nini?"

"Ni pale unapoona mtu amechukua kitu chako, ukaogopa hutakipata tena."

"Amemchukua Mama," Idi akasema. Chozi likamtoka.

Baba akalifuta chozi.

"Nikwambie siri? Mimi nilipozaliwa, Shangazi yako alinuna hivyo hivyo. Alisema nirudishwe nilikotoka."

"Shangazi huyu?"

"Huyu huyu."

Idi akachungulia. Shangazi alikuwa amekaa anacheka na Bibi, na wala hakuwa amenuna.

"Idi!" Mama akaita. "Njoo, baba."

Mama akampa Shangazi mtoto ampakate. Kisha akapiga mapaja yake, pa pa pa. Nafasi hiyo hapo! Idi akatoka chini ya meza mbio, akakaa. Miguu yake ilikuwa mirefu, ikaning'inia, lakini Mama alimkumbatia mzima mzima, miguu na mpira. Wakakaa hivyo. Wakakaa tena. Hakuna aliyewaharakisha.

Waa! Waa! Subira akaamka.

Shangazi akambembeleza. Waa! Bibi akambembeleza. Waa! Baba akatembea naye huku na huku. Waaaa!

Idi akasogea. Akasogeza mdomo karibu, kama zamani, akaimba polepole:

"Mtoto, mtoto, toka upesi,
toka tucheze mpira!"

Subira akanyamaza. Akageuza kichwa kumtafuta anayeimba.

"Anaijua sauti yako," Mama akasema. "Alikuwa anakusikia tangu tumboni."

Idi akamgusa kiganja kwa kidole kimoja. Vidole vidogo, vyenye kucha ndogo mno, vikafumba juu ya kidole chake. Vikakaza!

"Amenishika! Baba, amenishika! Ana nguvu! Bibi, njoo uone! Anaujua wimbo wangu!"

Tumboni mwa Idi kitu kilikuwa bado kinachemka kidogo, kidogo tu. Lakini kifua chake kilikuwa kimejaa, kimetuna mpaka kifungo cha juu kikafunguka.

Hodi! Hodi! Akaja jirani mwingine.

"Yuko wapi mtoto?"

"Tuko wawili," Idi akasema. "Mimi ndiye Idi, kaka mkubwa. Huyu ni Subira. Nawa mikono kwanza. Usimbonyeze utosini, bado ni laini. Meno hana, lakini yataota."

Akafikiri kidogo.

"Na ukimaliza kumwona, umshike wewe. Sasa hivi ni zamu yangu kwa Mama."