Barua kwa Wazazi: Kumwongezea Salim Msaada Nje ya Shule

Ofisi ya Ushauri Nasaha
Lamu
16 Juni 2025

Kwa Bwana Omari na Bi. Mwanaisha
Langoni, Lamu

MINT: KUMWONGEZEA SALIM MSAADA NJE YA SHULE

Assalaam aleikum.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Salim hana kosa, wala siwaandikii kwa habari ya nidhamu. Naandika kwa sababu tangu muhula huu wa pili uanze namwona amebeba kitu kizito, na nadhani anahitaji mtu mwenye ujuzi zaidi yangu wa kumsaidia kukitua.

Nitasema niliyoyaona tu. Insha aliyokuwa akijaza kurasa mbili sasa inaishia mstari wa tatu. Chakula cha mchana humpa mwenzake. Mara nne ametoka darasani katikati ya kipindi bila kuaga. Mara ya mwisho nilimkuta nyuma ya tangi la maji, anahema kama aliyetoka mbio, kamba ya kiatu kaizungusha kidoleni mpaka imemwacha alama. Sikumuuliza kitu. Nilikaa kando yake tukawa twahesabu punda wanaopita nje. Tulipofika wa saba akasema, "Huyo ana mtoto." Baada ya hapo pumzi zikatulia, akarudi darasani mwenyewe.

Tumekaa pamoja mara sita tangu hapo. Huzungumza kidogo, hunyamaza sana, na mimi sikumshurutisha. Ameniambia usingizi unamkatika usiku, na kwamba kifua humbana hata pasipo jambo la kumtisha. Chanzo sikijui, na sitaki kukibuni. Hali hii sikuipa jina, kwa kuwa si kazi yangu, na jina likishamwandama mtoto mtaani ni vigumu kulivua. Wala sikuona lolote la kunifanya niseme nyumbani kuna mliyekosea. Salim akiwataja huwataja kwa mapenzi, hasa Baba anaporudi kutoka Kiunga msimu wa kuvua kamba ukiisha. Sasa kusi inavuma na Bwana Omari yupo, ndipo nikaona niwaandikie nyote wawili.

Ombi langu ni kwamba mumpeleke akaonane na mshauri wa hospitali. Mimi ni mwalimu mwenye vipindi na wanafunzi wengi. Dakika 30 za mapumziko hazimtoshi. Pamoja na barua hii kuna bahasha ya pili, ya kupeleka Hospitali ya Kaunti ya King Fahd, sehemu ya wagonjwa wa nje. Mtakapoitoa wataelekeza aonwe na nani. Haikufungwa kwa gundi, isomeni kabla ya kuipeleka. Siku ya kwanza kwa kawaida huwa ya maswali: analalaje, anakula nini, nini humpa raha. Huenda wakataka kuzungumza nanyi kidogo, kisha naye peke yake. Akitoka, tafadhali msimhoji kasema nini. Mwacheni aseme atakapotaka.

Najua mtaani mtu akisikia "mshauri" hufikiria mengine. Kama Bibi ataona ni afadhali asomewe dua, asomewe. Hayo mawili hayagombani, na mwalimu wake wa madrasa akijua kwa idhini yenu anaweza kuwa msaada mkubwa. Ila msiache moja mkingojea jingine.

Mkimwambia, mwambieni kwa lugha nyepesi. Mimi ningesema, "Tumeona umechoka, twataka upate mtu wa kukusikiliza." Asidhani anapelekwa kwa kuwa ameharibika au kuwa ametuchosha.

Jambo moja halingoji miadi. Akisema amechoka kuishi, au mkimwona anajiumiza, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Hajaniambia neno kama hilo, nalitaja kwa tahadhari. Pia kuna namba 116 ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo mchana na usiku. Yeye mwenyewe nimempa.

Hapa shuleni tumekubaliana aketi karibu na mlango, na akihisi kubanwa aweke kitabu chake chekundu mezani, atoke aje kwangu bila kuulizwa. Walimu wake wanajua hilo tu, hawakuambiwa sababu. Barua hii haiingii kwenye faili la ripoti. Nakala yangu iko kwenye kabati lenye kufuli. Salim mwenyewe nilimsomea Ijumaa. Akaniomba nifute mstari mmoja, nimeufuta.

Uamuzi ni wenu. Mkitaka tuzungumze kwanza, nipo ofisini Jumatano kuanzia saa nane mchana. Kama kuja shuleni kutazua maswali kwa majirani, nitumieni neno kwa Salim, nitapita nyumbani baada ya alasiri kama mgeni yeyote.

Wenu,

Mwalimu Zuhura
Mshauri Nasaha